Inverter, inveta au kigeuzi: mteja anaandika lipi?

*Nauza vifaa vya sola hapa Mwanza, nina tovuti ndogo na namba ya WhatsApp. Maelezo ya bidhaa huja kwa Kiingereza kutoka kwa msambazaji. Nimeyatafsiri yote kwa kamusi, sasa wateja wanasema hawaelewi, na kwenye Google sionekani. Nikiyaacha kwa Kiingereza, wananipigia kuuliza maana yake. Nitafsiri nini, niache nini? Nimekutumia ukurasa mmoja wa inveta uuone.*

Dada yangu, ukurasa nimeusoma, na kosa lako silo la uvivu. Umefanya kazi kubwa kupita ilivyohitajika. Umetafsiri hata yale ambayo hayakutakiwa kuguswa, na yale yaliyohitaji kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida ukayaacha yamekaa kikamusi. Tuuchukue huo huo ukurasa tuufumue. Msambazaji alikuletea hivi:

```
1000W Pure Sine Wave Inverter DC 12V to AC 230V 50Hz
Peak Power 2000W, Low Battery Alarm, Overload Protection
For Sealed Lead Acid Battery
```

Nawe ukaandika: "Kigeuzi cha Wimbi Safi la Saini, nguvu ya kilele 2,000W, kengele ya betri ya chini, ulinzi wa upakiaji uliokithiri, kwa betri ya asidi ya risasi iliyofungwa."

Msomee fundi yeyote wa umeme sentensi hiyo kwenye simu. Atakuuliza kama kuna betri mbili, moja juu na moja chini, na hiyo kengele iko kwenye ipi. Upakiaji uliokithiri atafikiri ni habari ya lori kwenye mizani. Na "asidi ya risasi" mimi mwenyewe iliwahi kuniaibisha. Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliiandika kwenye tangazo la duka moja, na mteja akapiga simu kuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama bidhaa hiyo inahitaji kibali cha polisi. Risasi kwetu ni madini, ndiyo, lakini kabla ya kuwa madini masikioni mwa mtu huwa imeshatoka kwenye bunduki.

Ukiyatazama vizuri maelezo hayo ya msambazaji utaona yamebeba maneno ya aina tatu, na kila aina ina mwenyewe. Yapo ambayo mteja atayaandika kwenye simu anapotafuta. Yapo ambayo atayalinganisha na kibandiko kilichogongwa kwenye chuma cha inveta yenyewe. Yaliyobaki ni ya kumwelewesha tu, na hayo ndiyo pekee unayopaswa kuyatafsiri.

Nianze na ya kutafutia, maana ndiyo yaliyokufanya usionekane. "Kigeuzi" ni neno zuri na limeundwa vizuri. Kasoro yake ni kwamba mtu wa Buhongwa ambaye umeme umemkatikia usiku halikumbuki. Anakumbuka neno alilosikia kwa fundi na kuliona kwenye boksi, kwa hiyo ataandika `inverter ya watt 1000`, au `bei ya inverter`, au `inveta ya solar`. Angalia jinsi maneno hayo yalivyopangwa. Sarufi ni ya Kiswahili, ile "ya" iko mahali pake, lakini jina la kitu limeandikwa kama lilivyo kwenye boksi. Hivyo ndivyo watu wengi wa huku wanavyotafuta vifaa vya umeme. Kiswahili kitupu hawaandiki, na Kiingereza kitupu pia hawaandiki. Tangazo lako nalo lichanganye namna hiyo hiyo, bila aibu.

Lakini usinichukulie mimi neno langu. Ushahidi unao tayari mfukoni. Fungua WhatsApp ya duka, sehemu ya kutafutia, uandike "bei", kisha usome jumbe za wateja za miezi mitatu nyuma. Chukua daftari, nakili kila jina la bidhaa herufi kwa herufi kama mteja alivyoliandika, hata kama amekosea. Utapata `inverter`, `inverta`, `inveta`. Utapata `betri`, `beteri`, `battery`. Utapata `solar` na `sola`. Hesabu lipi limejirudia zaidi. Ukimaliza, ingia Google kwenye dirisha la faragha, ili historia yako isikudanganye, uandike `inverter ya` na kuacha nafasi, kisha usibonyeze kitu. Soma yanayopendekezwa hapo chini. Fanya hivyo hivyo kwa `bei ya inverter`. Na kama tovuti yako umeiunganisha na Google Search Console, ripoti ya Performance inakuonyesha maneno yaliyowaleta watu kwako, ya hadi miezi 16 nyuma. Google Trends nayo inasaidia kulinganisha maneno mawili ndani ya Tanzania, ila kwa maneno yenye watafutaji wachache huonyesha sifuri. Sifuri hiyo maana yake ni kwamba waliotafuta hawakufika kiwango cha kuhesabiwa. Usilitupe neno kwa ajili yake.

Neno lililoshinda kwenye daftari lako liweke kwenye kichwa cha tangazo, na liwe la kwanza. Hapa Kiswahili kinatusaidia. Kwa Kiingereza jina la kitu hukaa mwisho, baada ya sifa zote, ndiyo maana kile kichwa cha msambazaji kinaanza na wati na wimbi na inveta inakuja baadaye. Sisi kitu hutangulia, sifa zikafuata: inveta ya wati 1000. Kichwa kikikatwa kwenye kioo kidogo cha simu, kinachopotea ni mkia, na kitu kinabaki kikionekana. Wewe kitu ulikitanguliza, lakini kwa neno ambalo mteja haliandiki, ukaipoteza faida hiyo bure.

Neno la pili kwa nguvu, yaani tahajia nyingine ya kitu hicho hicho, liingie kwenye sentensi ya kwanza ya maelezo kama sentensi ya kawaida. Kichwani "Inverter", kwenye maelezo "Inveta hii...". Inatosha. Usipange mkia wa maneno ishirini chini ya ukurasa, inverter inverta inveta bei inveta Mwanza inveta nafuu. Google wanahesabu hiyo kuwa ni udanganyifu na wanaweza kukushusha, halafu hata binadamu akiona ukurasa wa namna hiyo hakuamini.

Kuna jambo la sarufi hapa ambalo wenye maduka ya mtandaoni hawalioni mpaka liwaume. Kisanduku cha kutafutia ndani ya tovuti yako hakijui Kiswahili. Vingi vya namna hiyo vinalinganisha herufi tu, na vikiwa na akili kidogo basi ni akili ya Kiingereza, inayojua kwamba wingi huongezwa mwishoni. Wetu hugeuka mwanzoni. Mteja akiandika "kigeuzi" na wewe umeandika "vigeuzi", kwa kompyuta hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Maneno ya kukopa kama inveta, betri, paneli, chaja na fyuzi hayana ugonjwa huo, kwa sababu umoja na wingi wake ni uleule. Hiyo ni sababu nyingine, ya kiufundi kabisa, ya kulipendelea neno la fundi kuliko la kamusi. Kwa yale yanayogeuka, andika umoja kwenye kichwa na wingi kwenye jina la kundi la bidhaa. Na kama aliyekutengenezea tovuti ametumia injini ya kutafuta kama Elasticsearch, mpe orodha ya visawe kutoka kwenye daftari lako aiweke. Ni faili la mistari michache:

```
inveta, inverta, inverter
betri, beteri, battery
paneli, panel
kigeuzi, vigeuzi, inverter
```

Umeona, kigeuzi hatujakitupa. Kimekaa mahali ambapo anayekijua atakikuta, bila kumzuia asiyekijua.

Sasa yale ya kwenye kibandiko. Hayo ni 12V, 230V, 50Hz, 1000W, namba ya modeli, na "pure sine wave". Sheria yangu ni ngumu kidogo: yabaki kama yalivyogongwa kwenye chuma, kwa sababu mteja atasimama dukani na simu mkono mmoja, inveta mkono mwingine, akilinganisha. "Wimbi safi la saini" halipo kwenye boksi lolote. Mafundi wenyewe hulitamka kwa Kiingereza hivyo hivyo, na anayelitafuta huliandika `pure sine wave`. Liache, halafu mweleze kwa sentensi moja lina faida gani kwake: umeme wake unafanana na wa gridi, kwa hiyo feni haingurumi na mota ya friji haipati joto kama inavyopata kwenye inveta za bei ya chini za `modified sine wave`. Hiyo ndiyo tafsiri yake halisi, ingawa hakuna neno hata moja lililotafsiriwa.

Kwenye namba umefanya kosa dogo lenye gharama. Umeweka koma: 2,000W. Hakuna anayeandika koma anapotafuta. Andika 2000W. Na kwa kuwa wengine huandika `watt 1000` na wengine `1000w`, weka "wati 1000" kwenye kichwa na "1000W" kwenye mstari wa vipimo, bila nafasi kati ya namba na herufi. Namba ya modeli inakili kwa macho mawili, maana O na 0 zimepoteza wateja wengi, na kistari kilichomo usikitoe.

Ila kuacha namba kama ilivyo si kuiacha bila maelezo. Hii ya "Peak Power 2000W" ndiyo inayoleta ugomvi dukani. Wewe uliandika "nguvu ya kilele 2,000W" na mteja akasoma 2000 tu. Atakwenda nyumbani kuchomeka pasi na birika, inveta ijizime, arudi kukuita tapeli. Kipimo hicho maana yake ni kwamba mashine inahimili wati 2000 kwa muda mfupi sana, pale mota ya friji inapostuka kuanza kuzunguka, kisha lazima ishuke. Kazi yake ya kudumu ni wati 1000. Basi andika hivyo: "Inabeba wati 1000 mfululizo. Friji inapowaka inaweza kuhimili hadi wati 2000 kwa muda mfupi sana." Msambazaji mwingine atakuletea tangazo linalotangulizwa na namba ya kilele, 2000W kwa herufi kubwa, na ya kudumu imefichwa chini. Ukitafsiri hivyo utakuwa umeutafsiri na ujanja wake. Mwingine atakuandikia 1000VA. Hiyo siyo 1000W. Tafuta kwenye karatasi yake kipimo cha `power factor`; kikiwa 0.8, mashine hiyo ni ya wati 800, na wati 800 ndiyo uandike kwenye kichwa.

Betri nazo zina majina yao ya mtaani ambayo hayamo kwenye karatasi ya msambazaji. "Sealed lead acid" kwa wateja wako ni betri kavu, na ile ya kuongezewa maji ni betri ya maji. Kwa ukubwa, wengi wamezoea majina ya betri za magari, N70, N100, N200, yaliyotokana na vipimo vya Kijapani. Karatasi yako inasema 100Ah. Ziandike zote mbili pale zinapolingana kweli: "betri kavu ya 12V 100Ah, ukubwa wa N100". Lakini onya, kwa sentensi fupi, kwamba betri ya gari ya N100 si mbadala mzuri kwa kazi ya sola hata kama namba inafanana, maana imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini na haipendi kunyonywa kila usiku. Jina la mtaani linamleta mteja mlangoni, lakini likiachwa peke yake linaweza kumuuzia kitu kisichomfaa.

Tukifika kwenye yale ya kuelewesha, hapa ndipo Kiswahili chako kiwe cha kwako. Siri ni moja tu: Kiingereza cha matangazo kinapenda majina yaliyorundikana, sisi tunapenda vitenzi. "Low battery alarm" ukiitafuta jina lake utahangaika. Iulize inafanya nini, jibu litakuja lenyewe: "Hulia betri inapokaribia kuisha." "Overload protection" inafanya nini? "Hujizima yenyewe ikizidiwa na vifaa." Mtoto wa darasa la tano anaelewa, na fundi hakucheki.

Kuna mtego wetu peke yetu ambao hakuna kamusi itakayokuonya: neno saa. Tuseme unataka kumwambia mteja betri itadumu kiasi gani. Betri ya 12V 100Ah ina wati-saa 1200. Ukitaka idumu usiinyonye kupita nusu, zinabaki 600. Inveta inapoteza kama asilimia 10 njiani, tuseme umebaki na 540. Televisheni ya wati 60 na taa tano za wati 9 kila moja ni wati 105. Gawanya, unapata saa tano na kidogo. Sasa ukiandika "TV na taa zitawaka saa 5", mtu wa Mwanza anaweza kusoma kwamba zitawaka saa tano ya usiku, kama vile umeme wa mgao. Andika "kwa muda wa saa 5 hivi". Wengi huandika "masaa 5" kuepuka mkanganyiko huo, na walimu wa Kiswahili huwakemea. Mimi siwakemei kwenye WhatsApp, ila kwenye ukurasa wa bidhaa "muda wa saa 5" linawaridhisha wote.

"Warranty" usiigeuze kuwa dhamana. Dhamana mtu anaikumbuka polisi na benki. Waranti ya mwaka 1, basi. Na zile sentensi za msambazaji za "maisha bora yenye nishati safi" zifute tu. Badala yake andika kile ambacho mnunuzi wa Geita au Bukoba anataka kujua: mikoani mnatuma kwa basi au la, na nani analipa nauli ya mzigo.

Ukurasa wako sasa unaweza kusomeka hivi. Kichwa: Inverter ya wati 1000, 12V, pure sine wave, kwa TV, taa na friji ndogo. Maelezo: "Inveta hii inachukua umeme wa betri ya 12V na kutoa wa 230V, 50Hz, kama wa nyumbani. Inabeba wati 1000 mfululizo. Friji inapowaka inahimili hadi wati 2000 kwa muda mfupi sana. Usiitumie kwa pasi, jiko la umeme wala hita ya maji. Hulia betri inapokaribia kuisha na hujizima ikizidiwa. Tumia betri kavu ya sola. Kwa betri moja ya 100Ah, TV ya wati 60 na taa tano za wati 9 zitawaka kwa muda wa saa 5 hivi. Waranti mwaka 1. Mikoani tunatuma kwa basi." Chini yake vipimo kama vilivyo kwenye kibandiko, mstari mmoja mmoja. Ule mstari wa pasi haukuwamo kwenye Kiingereza. Nimeuongeza kwa sababu hilo ndilo swali utakaloulizwa.

Ukitaka na wanunuzi wa Kampala au Nairobi, watengenezee ukurasa wa pili wa Kiingereza wenye anwani yake. Usichanganye aya moja Kiswahili na aya moja Kiingereza kwenye ukurasa mmoja, maana Google huamua lugha ya ukurasa kwa kusoma maneno yaliyomo. Na unaporudi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza kuwa mwangalifu na yale majina ya mtaani. Betri kavu ukiiandika `dry cell`, msomaji wa Kiingereza ataona betri za tochi na redio. Betri ya maji ukiiandika `water battery` hataona kitu. Rudi kwenye kibandiko: ya kwanza ni `sealed lead acid`, ya pili ni `flooded lead acid`. Kwa Mkenya kumbuka pia kwamba umeme wetu kwake ni stima anapoongea, lakini anapotafuta inveta mtandaoni mara nyingi huandika Kiingereza, kwa hiyo ukurasa wa Kiingereza ndio utakaomfikia.

Kabla ya kuuweka hewani, mpe mtu ambaye hajaiona inveta hiyo asome Kiswahili chako peke yake, kisha akuandikie kwenye karatasi: inabeba wati ngapi, inataka betri gani, haifai kwa nini. Linganisha na kibandiko. Akikosea 1000 akaandika 2000, kosa ni lako.

Baada ya wiki sita hivi rudi Search Console. Kama `inverter ya watt 1000` linaonyesha umetokea mara nyingi lakini watu hawabonyezi, tatizo liko kwenye kichwa. Kama neno ulilolitarajia halionekani kabisa, angalia kama kweli limo kwenye ukurasa kwa tahajia ile. Na kama wanabonyeza, wanafika, halafu wanakuja WhatsApp kuuliza "inawasha friji?", soma tena ule mstari wa wati 2000. Pengine friji wanayoisema si ndogo, na itakubidi uandike wati zake.